Storibodi kwa asiyejua kuchora: kazi kubwa iko kwenye ukingo wa kisanduku

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, na klabu yetu ya afya imepewa kazi ya kutengeneza video ya dakika tatu ya kuonyesha jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Mwalimu mlezi amesema hatupi simu yake ya kurekodia mpaka tumpelekee storibodi. Wenzangu wamenitupia mimi kazi ya kuchora, na mimi kuchora sijui kabisa. Nianzie wapi?*

Marahaba. Storibodi, yaani michoro midogo iliyopangwa kwa mfuatano kuonyesha video itakavyokuwa, inatakiwa kujibu maswali manne kwa kila picha mtakayorekodi: ni nini kinaonekana, kinaonekana kikubwa kiasi gani, kinaelekea upande gani, na kamera imewekwa wapi. Katika maswali hayo hakuna hata moja linalodai uso wenye sura, vidole vitano au kivuli cha penseli. Mara nyingi mwanafunzi mwenye kipaji ndiye anayepata taabu zaidi, kwa sababu hutumia saa nzima akiremba vifungo vya shati, kisha akasahau kuonyesha kama kamera iko juu au chini, na anayeshika simu akifika uwanjani hana la kufuata. Martin Scorsese, mwongozaji mashuhuri wa filamu wa Marekani, amekuwa akijichorea storibodi zake kwa penseli, na watu wake wengi ni mistari michache tu iliyochorwa haraka.

Kabla ya kushika penseli, andikeni maneno yatakayosomwa kwenye video, kisha mmoja wenu ayasome kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, huku mwingine akiangalia saa. Kila mahali ambapo msikilizaji angetaka kuona kitu kipya, wekeni alama ya mkwaju kwenye maandishi. Kwa video inayofundisha kazi ya mikono, picha moja ikikaa sekunde 5 hadi 8 mtazamaji anapata nafasi ya kuelewa bila kuchoka, na kwa kuwa dakika tatu ni sekunde 180, mtajikuta na visanduku 25 hivi, kila kimoja cha kuchorea picha moja. Wakiwa na visanduku 60, wanafunzi hawamalizi kurekodi. Wakiwa na 8, huishia kurekodi mtu amesimama anahutubia.

Sasa tafuta daftari la hesabu lenye miraba. Video ya simu iliyoshikwa kwa kulala ina uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo hesabu miraba 16 kwenda kulia na 9 kwenda chini, upige mstari. Kama miraba ya daftari lako ni ya nusu sentimita, utapata kisanduku chenye upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 4.5, na huo ndio ukubwa ninaoupendelea kwa asiyejua kuchora, kwa sababu ni mdogo kiasi kwamba hata ukitaka kuremba huwezi. Usichore kisanduku kilicho sawa pande zote nne. Ukifanya hivyo, picha zitaonekana zimejaa vizuri kwenye karatasi, lakini siku ya kurekodi utakuta kulia na kushoto kuna nafasi tupu ambayo hukuipangia kitu, na mara nyingi nafasi hiyo hujazwa na mwanafunzi asiyehusika anayechungulia.

Kila kisanduku kikate ukibandike kwenye kipande chake cha manila, usivipange vyote kwenye ukurasa mmoja. Katika studio ya Walt Disney, ambako utaratibu huu ulikua miaka ya 1930, michoro ilibanwa ubaoni kwa pini mmoja mmoja ili wa tano uweze kuhamishiwa nafasi ya pili, au wa kumi uondolewe kabisa, bila kuchora upya mingine yote. Kwa mtu ambaye kuchora kunamgharimu, faida hiyo ni kubwa kuliko kwa msanii. Chini ya kila kisanduku acha nafasi ya mambo matatu: namba, idadi ya sekunde, na maneno yatakayosikika. Namba iandike kwa penseli, maana itabadilika.

Mtu mchore hivi: duara dogo kwa kichwa, umbo la mstatili uliobonyea kidogo kwa kiwiliwili, mistari miwili ya mikono na miwili ya miguu. Ninasisitiza mstatili badala ya mstari mmoja kwa sababu mstari mmoja hauonyeshi kama mtu ametupa mgongo, yuko kifua mbele, au amesimama upande. Mstatili mpana unamaanisha anatutazama au ametupa mgongo, na mwembamba unamaanisha yuko upande. Kisha ongeza pua, na hii usiisahau. Pua ni kidoa au pembe ndogo kwenye ukingo wa duara, na ndiyo inayotuambia mtu anatazama kulia au kushoto. Macho na mdomo huvihitaji. Kama kuna watu wawili, mpe mmoja kofia na mwingine sketi ya pembetatu, wabaki hivyo hivyo tangu kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho.

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo asiyejua kuchora anapopata nafuu kubwa. Ukubwa wa picha hauonyeshwi kwa ufundi wa mkono. Unaonyeshwa na mahali ambapo ukingo wa kisanduku unamkata mtu. Ukichora mtu mzima tangu kichwa hadi nyayo, na juu na chini pakabaki mraba mmoja mmoja, hiyo ni picha ya mbali. Ukimchora mtu yule yule mkubwa zaidi mpaka ukingo wa chini umkate kiunoni, umepata picha ya kati. Ukingo ukimkata kifuani, kichwa kikachukua karibu nusu ya kimo cha kisanduku, hiyo ni picha ya karibu. Na mikono miwili ikijaza kisanduku kizima bila kuonekana mwili, hiyo ni ya karibu sana. Watu wengi wasiojua kuchora huchora kila mtu mzima mzima katika kila kisanduku, kwa sababu wanaona ni kosa kumkata, na matokeo yake ni storibodi ya visanduku 25 vinavyofanana. Kata bila woga. Epuka tu kukata hasa kwenye kiungo, yaani shingoni, magotini au kwenye vifundo, kwa sababu kwenye video mkato wa namna hiyo humfanya mtu aonekane kama amekatika kweli. Sogeza ukingo juu kidogo au chini kidogo ya kiungo.

Ukipata shida kuamua, tumia karatasi nyingine. Chora mtu mmoja wa mistari, mkubwa wa kujaza ukurasa, kisha kata tundu la sentimita 8 kwa 4.5 kwenye kipande cha manila na ulisogeze juu yake. Ukiliweka kifuani, utaona kiwiliwili na sehemu za mikono; ukilipandisha, utaona kichwa na mabega. Unachokiona ndani ya tundu ndicho unachokwenda kunakili kwenye kisanduku, na mara nyingi ni mistari minne au mitano tu.

Jambo la pili linalowatisha watu ni umbali: namna ya kuonyesha kwamba mmoja yuko karibu na mwingine yuko nyuma. Kuna kanuni moja nyepesi. Piga mstari mlalo katikati ya kisanduku, huo ndio upeo wa macho. Ikiwa uwanja ni tambarare na kamera imeshikwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, basi macho ya watu wote wenye kimo hicho yatakuwa kwenye mstari huo, wawe karibu au mbali. Kinachobadilika ni miguu: aliye karibu nyayo zake zinashuka chini, pengine hata nje ya kisanduku, na aliye mbali nyayo zake zinapanda kuelekea mstari. Kwa hiyo weka vichwa vyote kwenye mstari mmoja, shusha miguu kwa urefu tofauti, na umepata umbali. Kamera ikishushwa hadi usawa wa goti, mstari ule ule utapita magotini mwa kila mtu, na miili yao itasimama juu yake. Hivyo mwenye simu akiona mstari umepita magotini atajua kwamba anatakiwa kuchuchumaa, bila hata kuambiwa.

Kwa vitu vinavyojirudia usihangaike kuchora kila mara. Katika video yenu kinachojirudia ni dumu la lita 5. Lichore mara moja kwenye manila likitazamwa upande, yaani mstatili, shingo fupi kwenye kona ya juu, na tundu la mpini, kisha ulikate. Tengeneza vipande viwili, kimoja chenye kimo cha miraba 2 kwa picha za mbali, na kingine cha miraba 6 kwa picha za karibu. Kila unapohitaji dumu unaweka kipande na kupitisha penseli pembeni mwake. Likitakiwa kuinama, unakiinamisha kipande. Dumu lako litakuwa na umbo lile lile kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hata wanaojua kuchora hulisumbukia.

Mishale nayo iwe na utaratibu. Mshale ulio ndani ya kisanduku unaonyesha mwendo wa mtu au kitu. Mshale ulio nje, kwenye ukingo, unaonyesha mwendo wa kamera. Ukivichanganya, mwenye simu ataanza kutembea pale ambapo mwigizaji ndiye aliyepaswa kutembea.

Tuchukue sasa kipande cha kazi yenu, pale mnapofunga kamba na kunawa, tuseme ni visanduku namba 15 hadi 19. Nadhani mnajua kifaa chenyewe: miti miwili yenye panda imesimikwa ardhini, ufito umelazwa juu yake, dumu linaning'inia kwenye ufito, na kamba inatoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia kilicho chini.

Kisanduku cha 15 ni picha ya mbali ya sekunde 6. Piga mstari wa upeo katikati, chora miti miwili, ufito, na dumu kwa kile kipande kidogo, shingo ikitazama kulia. Mwenye kofia asimame upande wa kulia, pua ikielekea kushoto. Cha 16 ni cha karibu sana, sekunde 7: dumu kubwa, shingo yake ikiendelea kutazama kulia, na mikono miwili ikiingia kutoka kulia kufunga fundo. Mikono ichore kama mifuko miwili isiyo na vidole, ila kidole gumba tu. Gumba linatosha kuonyesha ni mkono wa kulia au wa kushoto. Cha 17 kinafuata kamba ikishuka hadi kwenye kijiti, sekunde 8. Hapa kamera inasogea, na namna bora ya kuonyesha hilo ni kuchora kisanduku kirefu cha miraba 16 kwa 18, ambacho ni visanduku viwili vilivyopandana: juu kuna shingo ya dumu, chini kuna kijiti, kamba imepita katikati, na mshale nje ya ukingo unaelekea chini. Cha 18 ni cha karibu, sekunde 5, mstari wa upeo ukiwa juu ya ukingo kabisa kwa sababu kamera inatazama chini: kiatu juu ya kijiti, mshale wa ndani ukielekea chini. Kiatu ni nusu duara iliyokaa juu ya mstari. Cha 19 ni cha karibu pia, sekunde 6: dumu limeinama, mistari miwili ya maji inatoka kwenye tundu, na mikono iko chini yake.

Panga kadi hizo tano mezani, funika maneno yote kwa rula, kisha mwite mwanafunzi asiye kwenye klabu yenu akusimulie kwa sauti anachokiona. Usimsaidie hata kwa kichwa. Kwa mpangilio huu, naweza kutabiri mahali atakapokwama. Atasema kwamba mtu anafunga kamba, kamba inashuka, mtu anakanyaga kijiti, halafu atasita na kusema maji yanatoka, bila kusema kwamba maji yanatoka *kwa sababu* kijiti kimekanyagwa. Kiatu kiko kwenye picha moja na dumu kwenye nyingine, na hakuna mahali alipoviona viwili kwa pamoja vikifanya kazi. Kwa aliyekwisha kukitumia kifaa, uhusiano huo uko wazi mno, ndiyo maana mchoraji hauoni upungufu. Lakini video hii mnamtengenezea ambaye hajawahi kukitumia.

Dawa yake ni kuongeza kisanduku kati ya 18 na 19, kiite 18b, kinachoonyesha mguu, kamba na dumu kwa wakati mmoja, mshale wa ndani ukishuka mguuni na mwingine uliopinda ukionyesha dumu likiinama. Ukianza kukichora utagundua tatizo ambalo lisingeonekana kwenye maelezo ya maneno: kifaa hiki kimesimama, na kisanduku kimelala. Ukikiingiza chote, kutoka kijiti hadi ufito, dumu linabaki na kimo cha miraba 2 tu, na maji hayaonekani. Msiigeuze simu kuwa wima kwa ajili ya picha hiyo moja, maana kwenye video iliyolala itatokea na mapande meusi kulia na kushoto. Kubalini kwamba 18b kazi yake ni kuonyesha uhusiano tu, sekunde 4 zinatosha, na kisanduku cha 19 kinachofuata ndicho kitakachoonyesha maji. Zile nafasi za pembeni zijaze kwa makusudi: mnawaji upande wa kulia, na sabuni iliyofungwa kwa kamba upande wa kushoto, ili iwe imeshaonekana kabla hajaishika.

Angalia pia kwamba katika visanduku vyote shingo ya dumu imetazama kulia. Hiyo haikutokea kwa bahati. Mwenye simu akizunguka upande wa pili wa miti kwa sababu tu kule kuna kivuli, shingo itageuka kutazama kushoto, na mtazamaji atadhani ni kibuyu chirizi kingine. Ili kuzuia hilo, chora ramani moja ya uwanja ukiutazama kutoka juu, ambao ndio mchoro rahisi kuliko yote: vidoa viwili ni miti, mstari kati yake ni ufito, miduara midogo ni watu, na pembetatu ndogo zenye namba ni mahali simu itakaposimama kwa kila kisanduku. Pembetatu zote ziwe upande mmoja wa ufito. Ikiwepo hata moja iliyovuka, irudishe sasa, ikiwa bado ni alama ya penseli.

Ramani hiyo itawaonyesha na kitu kingine. Simu nyingi, zikiwa zimelala na bila kukuza picha, zinahitaji umbali wa kama mita 3 ili mtu mzima aliyesimama aenee kutoka kichwa hadi nyayo. Kama kibuyu chirizi chenu kiko kwenye uchochoro kati ya choo na ukuta, wenye upana wa mita 2, kisanduku cha 15 hakirekodiki hata kikichorwa kwa ustadi wa namna gani. Pimeni kwa hatua kabla ya kumpelekea mwalimu kadi. Ikishindikana, kisanduku cha 15 kigeuzwe kuwa picha ya kati inayomkata mtu mapajani, au kifaa kisimikwe penye uwazi.

Wenzako wengine watakushauri uache kuchora na badala yake mpige picha za mnato kwa simu na kuzibandika. Njia hiyo si mbaya, na kwa mwenye simu yake mwenyewe inaokoa muda, lakini ninyi simu mtaipata baada ya storibodi, na zaidi ya hapo picha ya mnato hukufunga kwenye kile kilichokuwepo siku ulipoipiga. Penseli inaweza kuusogeza mti.

Mkishakubaliana juu ya kadi zote, jumlisha sekunde. Kipande chetu cha juu kilikuwa sekunde 32, na kwa kuongeza 18b kimekuwa 36. Fanya hivyo kwa vipande vyote, na jumla ikizidi 180, punguza maneno kwanza kabla ya kupunguza picha. Kisha andika namba za mwisho kwa kalamu ya wino, na ndipo uzipange kadi upya kwa ajili ya siku ya kurekodi, safari hii kwa kufuata mahali simu inaposimama. Za picha za mbali zikae pamoja, za karibu kwenye dumu pamoja, za chini kwenye kijiti pamoja, hivyo mtarekodi 15 na 18b bila kuhamisha simu, na mtarekodi 16 na 19 kwa mfuatano. Kuweni na jambo moja tu akilini: dumu la kisanduku cha 16 ni kavu na la 19 limelowa, kwa hiyo 16 irekodiwe kabla ya 19, na 15 irekodiwe kabla ya 18b, kamba ikiwa haijafungwa au imefunguliwa. Kila kadi iliyokwisha kurekodiwa igeuzwe kifudifudi, na simu isirudishwe kwa mwalimu mpaka zote ziwe zimelala.